Uzi: Mwimbaji wangu akiongea anakuliza, akiimba mashairi aliyoandikiwa anakuwa kama anasoma tangazo. Tatizo ni yeye au ni maneno?

Fundi wa Mitambo

Mbukwenyi wadau.

Nina studio ndogo hapa Dodoma, maeneo ya Chang'ombe. Nimeletewa kazi ya mama mmoja, mkulima wa zabibu huko Mpunguzi, umri kama miaka arobaini hivi. Kwenye kwaya yao yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Sauti anayo, hilo sina wasiwasi nalo. Sasa ndugu zake wamemchangia arekodi wimbo wake mwenyewe, si wa kwaya, wimbo wa maisha. Habari yenyewe ni mume aliyekwenda machimboni akaacha kupiga simu.

Mashairi walimlipa mtu awaandikie. Yamekuja yamepangika vizuri, vina vipo. Ubeti wa kwanza huu hapa:

*Laazizi moyo wangu, nuru ya mwezi angani,*
*Umeniacha jangwani, naungua kwa mahaba,*
*Machozi yangu bahari, yafurika mtimani,*
*Rejea muhibu wangu, uniliwaze rohoni.*

Akiimba haya, sauti inakuwa ngumu kama amevaa kiatu cha jirani. Mistari anaisahau. Mstari wa tatu anaukosea kila akiurudia. Lakini jana tukiwa tunakunywa chai akanisimulia mambo ya huyo mume, nikajikuta nimeacha kikombe mezani. Mtu yuleyule, habari ileile.

Biti liko tayari, hela ya watu imeshaingia. Nimfundishe kuimba haya maneno, au nibadilishe maneno? Na kama ni kubadilisha, naanzia wapi? Mimi ni mtu wa mitambo, si mtunzi.

---

Mzee wa Tungo

Kijana, mashairi hayo hayana kosa kubwa. Nimehesabu, kila kipande kina mizani nane. Mstari wa pili tu ndio umeacha kina cha mwisho, angeweka neno la "ni" hapo badala ya "mahaba". Mwimbaji afanye mazoezi. Siku hizi waimbaji ni wavivu, wanataka wapewe maneno ya kijiweni ndiyo waimbe. Lugha ya ushairi ni ya juu, na mwimbaji ndiye anayepanda kuifuata.

---

Kijana wa Chimwaga

Samahani mleta mada, huyo mwandishi amelipwa shilingi ngapi kwa wimbo mmoja? Mimi nipo chuo hapa UDOM, naandika sana, nataka nijue bei.

---

Mtoto wa Ngamiani

Niko na Mzee wa Tungo, ila kwa sababu nyingine. Huku Tanga mimi nimekulia kwenye taarabu. Mtunzi anakaa pembeni na kalamu yake, mwimbaji anapewa shairi anaimba, na hakuna anayeuliza kama mwimbaji anayasema hayo maneno akiwa sokoni. "Muhibu", "laazizi", watu wanamtuza hela mpaka kesho. Kwa hiyo hoja ya kwamba maneno lazima yafanane na maongezi ya mtu, naona ina kasoro.

---

Shangazi wa Kondoa

Fundi, shikamoo za wadogo zangu nimezipokea, sasa tuzungumze kazi.

Nimewaandikia watu nyimbo muda mrefu: kwaya, harusi, na vijana wachache wa bongo fleva. Nakwambia usimfundishe chochote kwanza. Huyo mama hana tatizo la sauti wala uvivu. Angalia tu ni wapi anakosea. Umesema mstari wa tatu kila mara. Mtu hasahau ovyo ovyo, anasahau sentensi ambayo kichwa chake hakiwezi kuitengeneza chenyewe. Ukimsimulia "simu ilikatika" ataisema kesho na keshokutwa, kwa sababu hata akisahau neno, lugha yake inamletea lingine la kujaza pengo. "Yafurika mtimani" akiipoteza silabi moja hana pa kuitoa nyingine. Hajawahi kusema "yafurika" maishani mwake, na "mtima" sidhani kama anautumia.

Mtoto wa Ngamiani ana hoja nzuri, nami naipenda taarabu. Lakini ukimkuta mwimbaji wa taarabu nyuma ya jukwaa akimsema mwenzake, atakusemea kwa mafumbo hayohayo. Yale maneno yamo mdomoni mwake tangu utotoni, ameyasikia harusini, ameyasoma kwenye kanga. Mtunzi hamtungii hewani, anatunga kwa lugha ambayo mwimbaji wake anaishi nayo. Mpe mama wa Mpunguzi shairi lilelile, kwake linakuwa lugha ya wageni.

Sasa hatua ya kwanza. Usiandike kitu. Mrekodi akiongea. Usimwambie "nieleze kuhusu wimbo", maana atakupa hotuba. Weka simu mezani, mwombe ruhusa, halafu mwulize kitu cha kawaida chenye tarehe na mahali: mara ya mwisho mliongea lini, ulikuwa unafanya nini, watoto walisema nini. Nusu saa inatosha. Kisha kaa uandike neno kwa neno kama alivyosema, pamoja na "eti", "basi", na pale aliponyamaza. Usisahihishe Kiswahili chake hata kidogo. Leta hapa sehemu ndogo kama ataridhia, tuone.

---

Zabibu Tamu

Shangazi hapo umenena. Nafuatilia.

---

Mkufunzi Kongwa

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Naona kwetu hali ni tofauti, ndiyo maana nauliza. Nikiandikia watu thelathini, nitafuata maongezi ya nani? Kuna bibi wa miaka sabini na binti wa kidato cha tatu kwenye sauti moja. Huwa naishia kwenye lugha ya Biblia kwa sababu hiyo wote wanaijua.

---

Shangazi wa Kondoa

Na unafanya vizuri, mwalimu. Lugha ya Biblia ndiyo maongezi ya kwaya yenu, kila mmoja anaiomba na kuisoma. Ila ukimtoa mmoja mbele aimbe peke yake, hapo mambo yanabadilika.

---

Fundi wa Mitambo

Shangazi nimefanya. Ameridhia niweke hapa, jina la mtoto nimelibadilisha. Hiki ni kipande tu:

"Mi sisemi kitu. Mi nanyamaza. Simu inaita tu, inaita mpaka inakata. Nikasema labda chaji. Labda kule mtandao hakuna, si unajua machimbo. Wiki. Basi Neema ananiuliza, mama, baba anakuja lini? Nikamwambia zabibu zikikatwa, atakuja. Eh. Zabibu zimekatwa. Zimekatwa tena. Mama mkwe akasema niende nikamtafute. Nikasema mi siendi. Nikamtafute wapi? Akija, mlango anaujua."

Nimeusikiliza mara nyingi. Nilichogundua mwenyewe ni kwamba haliiti jina la mume. Ni "Baba Neema" mwanzo mwisho.

---

Kijana wa Chimwaga

"Akija, mlango anaujua." Dah. Huo ni wimbo tayari, mrekodini hivyohivyo.

---

Shangazi wa Kondoa

Mwanangu, si wimbo bado. Ni kuni, moto haujawaka. Ukirekodi maongezi yalivyo unapata maongezi. Ila kila kitu tunachohitaji kimo humo, hebu tuyasome taratibu.

Mwanzo, tazama anavyoumia. Hasemi anaumia. Hakuna chozi, hakuna moyo, hakuna jangwa. Anataja simu, anataja zabibu, halafu ananyamaza. Yule mtunzi wa kwanza alimpa mtu wa kulia na kubembeleza: "rejea", "uniliwaze". Huyu mama habembelezi. Mama mkwe kamwambia nenda kamtafute, kakataa. Ukimwimbisha "rejea" umemwimbisha kinyume cha alivyo, hata kama ungetumia neno jepesi kama "rudi". Hapo ndipo wengi hawaoni. Wanadhani kazi ni kubadilisha maneno magumu kuwa mepesi. Unaweza kuweka maneno yake yote na bado ukamwandikia mtu mwingine, kwa sababu tabia ya usemi si yake.

Pili, anaanza na "mi sisemi", halafu anasema yote. Hiyo ndiyo namna yake ya kuingia kwenye jambo zito. Kila mtu ana mlango wake. Yupo anayeanza na "kusema kweli", yupo anayeanza kwa kukutania. Huo ndio mwanzo wa kiitikio chake.

Tatu, anasimulia kwa "nikasema, akasema, nikamwambia". Mambo yanafuatana. Shairi la kwanza lote limesimama mahali pamoja, hakuna kinachotokea. Beti zake zitembee kwa hiyo "ka".

Na kwamba anamwita Baba Neema, Fundi umeona mwenyewe. Mwanamke wa huku hamwiti mumewe "laazizi" mbele ya watu. Jina la mtoto ndani yake lina ndoa, lina heshima, na lina lawama pia: wewe ni baba wa fulani, na fulani anauliza.

---

Mzee wa Tungo

Sawa, lakini mizani itakuwaje? "Inaita mpaka inakata" ni mizani kumi na moja. Huwezi kuipanga na nane.

---

Shangazi wa Kondoa

Mzee wangu, swali lako ndilo lenyewe, na upande mmoja uko sahihi kabisa.

Mtunzi akibanwa na mizani anakata maneno kwa njia ya kitabuni. "Inaita" inakuwa "yaita", "inafurika" inakuwa "yafurika", "rudi kwangu" inakuwa "rejea". Silabi zimepungua, mizani imetimia, na mwimbaji ametolewa nyumbani kwake. Lakini watu nao wanakata maneno wakiongea, tena sana. Huyu mama anasema "mi" badala ya "mimi". Msikilize vizuri, bila shaka anasema pia "ntakuja", "nshakwambia", "we" badala ya "wewe". Hizo ndizo mkasi wako. Ukihitaji kupunguza silabi, punguza pale anapopunguza yeye, na ukihitaji kuongeza, ongeza "basi" au "tu" kama anavyoongeza yeye. Kwa hiyo mizani inabaki, ila inalipwa kwa sarafu yake.

Na si kila mahali panahitaji nane. Kiitikio kinahitaji, maana watu watakiimba pamoja naye na lazima kikae sawa kila kinaporudi. Ubeti wa kusimulia unaweza kuwa na mstari mrefu unaokimbia na mwingine mfupi unaoacha nafasi, mradi maneno yenye mkazo yaangukie kwenye pigo. Mdundo unaendelea wenyewe, hausubiri silabi.

Jaribuni hivi:

*Simu inaita tu, inaita mpaka inakata,*
*Nikasema labda chaji, labda kule mtandao hakuna.*
*Neema ananiuliza, baba anakuja lini?*
*Nikamwambia zabibu, zikikatwa atakuja.*
*Zabibu zimekatwa.*
*Zimekatwa tena.*

*Baba Neema, sisemi,*
*Mlango unaujua.*
*Mi mwenzio nipo hapa,*
*Mlango unaujua.*

Kiitikio kina nane kila mstari, Mzee hesabu. Mstari wa kwanza wa ubeti ni mrefu makusudi, kwa sababu simu ikiita bila kupokelewa ni ndefu. Miwili ya mwisho ni mifupi, na baada ya "zimekatwa tena" Fundi acha biti litembee bila sauti. Usijaze na "oh oh".

Nimegeuza "akija, mlango anaujua" kuwa "unaujua". Alipokuwa anakusimulia wewe, mume alikuwa "yeye". Kwenye wimbo anazungumza naye. Hilo ni langu, si lake, kwa hiyo mpe aseme tuone kama anaridhika. Kuna wanawake wanaoweza kumsema mume kwa jirani lakini hawawezi kumwambia usoni, hata kwenye wimbo.

---

Mtoto wa Ngamiani

Nakubali nimeshindwa hapa, ila si kote. Bado nasema kuna mwimbaji ambaye utamu wake ni kupanda juu ya maongezi yake. Nimewaona. Siku zote anaongea kawaida, akishika kipaza sauti anakuwa mtu mwingine.

---

Shangazi wa Kondoa

Wapo, na huo nao ni usemi wake. Kuna mama sokoni anaongea ovyo siku nzima, ukimpa nafasi ya kuomba kanisani unasikia Kiswahili kingine kabisa, kimenyooka. Mtu ana lugha zaidi ya moja. Unamsikiliza katika ile inayofanana na wimbo unaoandika. Kama huyu angekuwa anaimba sala, ningemrekodi akiomba, si akinywa chai.

---

Mwana Bahi

Naleta na yangu. Naandikia rafiki yangu anarap. Yeye ni mtu wa Bahi kama mimi, lakini anataka mistari ya kihuni ya Dar, misimu ya Dar, mitaa ya Dar ambayo hajawahi kukanyaga. Nikimwandikia mambo ya Bahi, mashamba ya mpunga, treni inavyopita, anasema namshusha. Nikimwandikia ya Dar anaimba vizuri tu, hasahau hata neno! Sasa kipimo cha Shangazi cha kusahau hapa kimegoma.

---

Kijana wa Chimwaga

Kwa sababu ameyasikia hayo maneno kwenye nyimbo tangu mdogo. Ni kama taarabu kwa Mtoto wa Ngamiani. Yamo mdomoni.

---

Shangazi wa Kondoa

Kijana wa Chimwaga amejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Mwana Bahi, maneno atayaweza. Shida itakuja akihojiwa redioni akaulizwa mtaa alioutaja uko wapi. Lakini kama anataka kuwa mhusika kwenye wimbo wake, ni haki yake, na hapo mimi sina jibu la uhakika. Ningemwandikia kijana wa Bahi anayeitamani Dar. Akikataa na hilo, mwandikie anachotaka.

---

Fundi wa Mitambo

Leo ameyasema na kuyaimba. Nawapa ripoti.

"Unaujua" amelipenda, kasema "hapo ndo penyewe". Ubeti ameushika harakaharaka. Sikumpa karatasi, nilimwimbia akarudia kwa kusikia.

Matatizo mawili. La kwanza, "Nikasema labda chaji" anasema kila mara "nkasema". La pili, kiitikio. Biti nililotengeneza lilifuata shairi la zamani, na noti ndefu ya juu iko mwisho wa mstari. Kwenye "sisemi" anaminya, sauti inakuwa nyembamba. Kwenye "unaujua" anatoka vizuri. Je, ni maneno au ni sauti yake?

---

Shangazi wa Kondoa

"Nkasema" mwachie, na uiandike hivyohivyo. Akibadilisha neno mara moja ni bahati mbaya. Akilibadilisha kila mara kwa namna ileile, amekusahihisha.

La kiitikio, kuna njia ya kujua. Mwambie auseme mstari bila kuimba. Akiusema vizuri na kuuimba vibaya, lawama ni ya tuni. Hapa bila shaka ni tuni. Kwenye noti ya juu "i" inaubana mdomo, hasa kwa mtu ambaye hajafundishwa kuufungua. "A" inamfungulia. Ndiyo maana "unaujua" inatoka. "Ju" ipate pigo, kwa kuwa mkazo wa neno uko hapo, halafu amwagikie kwenye "a" aivute anavyotaka. Usigeuze ukapiga "a" na kuiruka "ju", itasikika kama mgeni anayejifunza Kiswahili.

Kwa "sisemi", shusha tuni mwisho wa mstari huo. Tena inafaa, mtu anayesema "sisemi" hapandishi sauti. Iache noti ya juu kwenye "unaujua" peke yake.

---

Fundi wa Mitambo

Nimeshusha. Imekaa. Swali jingine, naomba msicheke. Mama huyu "r" na "l" zinamchanganya. Anasema "kuludi", "balua". Na "th" inakuwa "s". Katika shairi la zamani, ubeti wa tatu, kulikuwa na "thamani yako kwangu". Akaimba "samani yako kwangu". Vijana wa studio walitoka nje kucheka.

---

Zabibu Tamu

Anaimbia makabati 😂😂

---

Mzee wa Tungo

Hapo lazima afundishwe matamshi. Kurekodi makosa ni kuharibu lugha kwa watoto.

---

Shangazi wa Kondoa

Mzee, ukimsahihisha studio, kila akifika kwenye neno hilo atakuwa anafikiria ulimi wake badala ya mumewe. Utasikia kwenye rekodi, sauti inajikaza nusu sekunde kabla ya neno. Rudia kusikiliza ile "rejea" ya shairi la zamani, Fundi. Imeanza mstari, na herufi yake ya kwanza ndiyo inayomtisha.

Mimi huwa naandika kwa kukwepa. Neno lenye sauti inayomsumbua halikai mwanzo wa mstari, wala kwenye noti ndefu, wala mahali ambapo kulikosea kunazaa neno lingine. Katikati ya mstari unaokimbia hakuna atakayelisikia. Angalia beti tulizoandika, hakuna "r" hata moja wala "th". Sikuzitafuta sana kuzikwepa. Ukitumia maneno yake mwenyewe mara nyingi zinajikwepa.

---

Mkufunzi Kongwa

Nimehesabu, kweli hakuna.

Mimi napendekeza muweke Kigogo kidogo humo. Hukwe Zawose alitoka mkoa huuhuu, ameimba Kigogo mpaka Ulaya na watu walimwelewa kwa moyo. Ubeti mmoja wa Kigogo na ilimba chini yake, wimbo utakuwa na utambulisho.

---

Shangazi wa Kondoa

Mwalimu, Zawose alikuwa anaimba lugha yake na kupiga ilimba yake, hakuwa anatia viungo. Swali la kumwuliza Fundi ni moja: huyu mama akisimulia, anahama kwenda Kigogo wakati gani?

---

Fundi wa Mitambo

Nimerudia kusikiliza. Anahama mara mbili tu, zote akinukuu maneno ya mama mkwe. Yeye mwenyewe akijieleza ni Kiswahili.

---

Shangazi wa Kondoa

Basi mmepata ubeti wa pili. Mama mkwe aseme kwa Kigogo, mkamwana ajibu kwa Kiswahili: "Nkasema mi siendi." Maneno ya Kigogo ayatoe yeye mwenyewe kama alivyoyasikia, msimtafsirie. Atakayekosa kuelewa ataelewa kwa jibu.

Jambo moja la kuchunga. Mkishazijua tabia zake msizijaze. Nimeona watunzi wakigundua mwimbaji anapenda kusema "jamani", basi "jamani" inakuja kila mstari, na mtu anaanza kusikika kama anaigizwa na mchekeshaji. "Sisemi" iko kwenye kiitikio, inatosha. Msiirudishe kwenye ubeti.

---

Mwana Bahi

Mi nina shaka na zabibu. Sisi wa huku tunajua zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo "zimekatwa tena" tunapiga hesabu, ni kama mwaka. Mtu wa Mwanza atadhani ni wiki mbili.

---

Mtoto wa Ngamiani

Mimi wa Tanga sikujua hilo, nilidhani miaka miwili. Lakini nilielewa kwamba ni muda mrefu.

---

Kijana wa Chimwaga

Wekeni "mwaka umeisha" basi.

---

Fundi wa Mitambo

Nilimwuliza hilo. Kasema "mwaka" hajauhesabu, anahesabu zabibu. Nimeacha.

Sasa lililobaki ni hili. Ndugu zake wanauliza jina la mtunzi liandikwe nani. Mwandishi wa kwanza amelipwa lakini hakuna mstari wake uliobaki. Maneno mengi ni ya mama mwenyewe. Aliyepanga ni Shangazi. Nataka kusajili COSOTA kabla sijaupeleka redioni.

---

Mzee wa Tungo

Mtunzi ni aliyepanga. Mama alikuwa anaongea tu, hakutunga. Kama kusimulia ni kutunga, basi kila mlalamikaji mahakamani ni malenga.

---

Mkufunzi Kongwa

Hapana mzee. "Mlango anaujua" ni wa nani? Bila huo hakuna wimbo.

---

Shangazi wa Kondoa

Mwandike yeye na mimi, nusu kwa nusu kwa upande wa maneno, na tuni mgawane yeye na wewe Fundi. Muandikiane karatasi na kusaini kabla ya kusajili, si baada ya wimbo kupigwa. Yule wa kwanza alishalipwa na shairi lake hatulitumii, mkikubaliana naye anaweza kumpa mwimbaji wa kulifaa. Mimi mwenyewe namjua dada mmoja wa Tanga angeliimba vizuri.

---

Mtoto wa Ngamiani

Nitumie namba yake faragha Shangazi.

---

Kijana wa Chimwaga

Na bei bado hamjaitaja.